Mzee wa miaka 68 na "jiwe la figo" ambalo halikuwa jiwe

Ukikaa kasualti muda mrefu unazoea kwamba mgonjwa wa maumivu ya tumbo na mgongo anafika na jina la ugonjwa wake tayari. Akiwa mama ni chango, akiwa kijana ni vidonda vya tumbo, akiwa mwanaume mtu mzima basi ni ngiri, na ngiri huku kwetu imebebeshwa lawama za kila kitu kinachouma kati ya kifua na magoti. Akipitia zahanati anaongezewa jina la pili, mawe kwenye figo. Na kusema ukweli mara nyingi haidhuru, mtu anapewa dawa, anapata nafuu, anaenda zake. Ila kuna mgonjwa mmoja ambaye jina lisilo lake linaweza kumuua kabla ya mchana, na huyo ndo nataka kumuongelea: mwanaume aliyevuka 60, mvutaji wa sigara wa siku nyingi, ana presha na dawa anameza akikumbuka, kisha ghafla bin vuu anashikwa na maumivu makali ya mgongo na tumbo.

Nitapita na kisa kimoja mwanzo mwisho, vitu vidogo nimevibadilisha asijulikane. Mzee ana miaka 68, fundi magari, amestaafu kwa mdomo tu maana spana bado anashika. Pakiti moja kwa siku tangu akiwa kijana wa gereji. Presha anaijua, amlodipini anayo kabatini, anakunywa kichwa kikimuuma. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa anashusha dumu la maji la lita 20 kutoka kwenye pikapu, akasikia kitu kimechanika katikati ya mgongo, kati ya mabega, akaliachia dumu hapohapo. Baada ya dakika kama kumi maumivu yakawa yameshuka kiunoni upande wa kushoto na kuzunguka mbele tumboni. Jasho linamtoka, ametapika mara moja.

Zahanati ya karibu walimpokea vizuri, wakapima presha ikasoma 210 kwa 120, wakapima mkojo kwa kile kijiti ikaonekana kuna damu kidogo. Maumivu ya ubavu wa kushoto, kutapika, damu kwenye mkojo, hapo nani asiyesema jiwe? Wakamchoma diklofenaki, na kwa kuwa presha ilikuwa inatisha wakamtoboa kidonge cha nifedipini wakamdondoshea chini ya ulimi, halafu wakamwandikia rufaa kuja kwetu. Kwenye karatasi imeandikwa jiwe la figo kushoto, presha ya kupanda. Siwalaumu, kijiti kile kimewadanganya watu wengi wenye vyeti vikubwa kuliko wao. Ila hiyo nifedipini tutairudia, maana ndo sehemu ninayotaka muielewe kuliko zote.

Alivyofika nikamsalimia, akaitikia kwa shida, binti yake ndo akawa anaongea. "Dokta, baba alikuwa mzima kabisa, saa moja tu tumetoka kunywa chai." Mi hapo huwa na swali moja ambalo sikubali lijibiwe juujuu. Siulizi tu yanauma wapi wala yanauma kiasi gani, nauliza yalianzaje: ile sekunde ya kwanza kabisa yalikuwa makali kiasi gani? Mgonjwa wa jiwe atakwambia yalianza kwa kusumbua, yakazidi, yakaja yakaachia, yakarudi kwa nguvu, na ukimwangalia kitandani hatulii, anajigeuza, anasimama, anainama, anatafuta mkao. Huyu mzee alisema yalipoanza ndo yalikuwa makali kuliko yote, hayajawahi kupanda kwa sababu yalianzia juu. Na alikuwa amelala kimya, mkono umekamata chuma cha kitanda, hataki kuguswa. Halafu yamehama, yametoka mabegani yameshuka kiunoni. Maumivu yanayoanzia kileleni kisha yanahama kufuata mgongo, kwa mtu wa umri ule, kwangu ni mshipa mkuu wa damu, aota, mpaka nithibitishe vinginevyo.

Hapa niseme kitu kuhusu neno lenyewe la "kuchanika", kwa sababu vitabu vimelitukuza mno. Kuna rejista ya kimataifa ya wagonjwa wa aina hii ambayo taarifa yake kubwa ya mwanzo ilitoka mwaka 2000 ikiwa na wagonjwa 464. Asilimia 85 hivi walisema maumivu yalianza ghafla, lakini waliosema yanachana au yanararua walikuwa kama nusu tu, wengine wengi walisema tu ni makali. Kwa hiyo ukimsubiri mgonjwa akutajie neno la kitabuni utakosa nusu yao. Ghafla ndo neno la kulisikiliza.

Sasa ni nini hasa kinachotokea. Aota inatoka moyoni, inapanda kidogo, inapinda juu ya kifua, halafu inashuka nyuma ikiwa imeegemea uti wa mgongo, inapita kwenye kiwambo inaingia tumboni na usawa wa kitovu inagawanyika kwenda miguu miwili. Ukuta wake una tabaka tatu. Chukua koti lenye bitana: bitana ikichanika kwa ndani, ukiingiza mkono unapotea katikati, kati ya bitana na kitambaa cha nje, na kila unavyosukuma ndo unazidi kuiachanisha. Damu inafanya hivyohivyo. Tabaka la ndani linachanika, damu inaingia katikati ya ukuta, na kila pigo la moyo linaisukuma mbele zaidi, ukuta unaachana kuelekea chini, wakati mwingine mpaka kwenye paja. Unakuwa na njia mbili ndani ya mshipa mmoja, ya kweli na ya bandia, na ile ya bandia ikivimba inaikandamiza ya kweli.

Na kwa kuwa kila kiungo kinakula kupitia tawi la mshipa huo, dalili zinategemea ni tawi gani limeguswa. Tawi la figo likiguswa figo inakosa damu, ubavu unauma na mkojo unaweza kuwa na damu, ndo hiyo iliyotokea zahanati. Likiguswa la utumbo, tumbo linauma vibaya mno lakini ukilibonyeza ni laini. La mguu, mguu unakuwa wa baridi au unakufa ganzi. La kichwani, anakuja na kiharusi. Ndo maana ugonjwa huu unavaa sura za magonjwa mengine kila siku, na kwa mzee aliyevuka 60 ambaye hajawahi kuwa na jiwe maishani mwake, jiwe la kwanza kabisa tena la kushoto ni utambuzi ambao mi naupokea kwa mashaka.

Nikampima presha mikono yote miwili. Kulia 186 kwa 104, kushoto 178 kwa 100, mapigo ya moyo 116. Wengi tumefundishwa kwamba tofauti ikizidi 20 kati ya mkono na mkono ni dalili ya aota kuchanika, na ni kweli, lakini kinyume chake si kweli. Mpasuko wa huyu mzee, kama tulivyokuja kuona, ulianzia baada ya tawi la mkono wa kushoto, kwa hiyo mikono yote ilikuwa inapata damu yake kama kawaida. Mtu akipima mikono, akaona inalingana, akasema basi si aota, amedanganyika. Nikashuka kwenye mapaja, pale kwenye kinena unapohisi mshipa unadunda. Kulia unadunda hasa, kushoto unadunda kwa mbali, tena lazima utulize vidole ndo uupate. Unyayo wa kushoto wa baridi kuliko wa kulia. Kumshika mtu kinena inachukua nusu dakika na haigharimu senti, ila watu wanaona aibu, hasa mgonjwa akiwa mzee wa kuheshimika na binti yake amesimama pembeni. Mwombe binti atoke kidogo, basi.

Nikavuta mashine ya altrasaundi. Kwanza moyo: kuna maji yamezunguka moyo? Hamna. Hilo lilinipa pumzi kidogo, maana damu ikivujia kwenye mfuko wa moyo ina maana mpasuko uko juu, karibu na moyo wenyewe. Halafu nikashuka tumboni, nikabonyeza taratibu kusukuma gesi pembeni, aota ikaonekana, duara jeusi mbele ya mfupa wa mgongo. Upana sentimita 2.6, imetanuka kidogo lakini haijafika kuitwa puto, maana ili iitwe hivyo inatakiwa ifike sentimita 3. Ila katikati ya lile duara jeusi kulikuwa na uzi mweupe mwembamba unapepea kila moyo unapopiga. Nikageuza proubu kwa urefu, uzi ukawa mstari unaoshuka chini na mshipa, unacheza. Ndo hiyo bitana. Ukishauona mara moja husahau, na pia niseme usipouona haina maana haupo, altrasaundi ya tumbo inaweza kuukosa kabisa, gesi ikizidi au mpasuko ukiwa umeishia kifuani huoni kitu.

Sasa turudi kwenye nifedipini. Mtu anaona presha 210, anataka ishuke, na hiyo ni haki. Tatizo ni njia. Kidonge kile kinatanua mishipa haraka, presha inashuka, mwili unashtuka, moyo unajibu kwa kukimbia na kupiga kwa nguvu zaidi. Ndo maana alitoka zahanati presha imeshuka kidogo lakini mapigo yamepanda kutoka 88 mpaka 116. Kwa ugonjwa mwingine ungesema amepata nafuu ya presha. Kwa aota iliyochanika umeongeza idadi ya mapigo yanayosukuma damu ndani ya ule mpasuko, na kila pigo ni kali zaidi. Kinachoendeleza mpasuko si ukubwa wa presha peke yake, ni jinsi damu inavyorushwa kwa kishindo kila pigo, na ni mara ngapi kwa dakika. Kwa hiyo mpangilio ni huu na haugeuzwi: kwanza maumivu, pili mwendo wa moyo, tatu ndo presha. Haidralazini nayo ina tabia hiyohiyo ya kuukimbiza moyo, na ndo dawa ya sindano ya presha iliyozoeleka kwenye makabati ya hospitali zetu nyingi, kwa hiyo mtego upo pale pale.

Tukampa morfini kwanza, kidogokidogo kwenye mshipa. Watu wanaogopa morfini, wanasema itaficha dalili, lakini maumivu yenyewe yanapandisha presha na mapigo, huwezi kumshusha mtu presha huku anateseka. Kisha labetaloli. Kwetu kasualti ilikuwa imeisha, nikamtuma sista akimbie wodi ya wazazi, maana kule wanaitumia kwa akina mama wenye kifafa cha mimba na mara nyingi wanayo. Nasema hivi kwa wenzangu wa hospitali za mikoa, dawa unayoihitaji inaweza kuwa umbali wa korido mbili tu. Kabla ya kuchoma nikasikiliza kifua, kwa sababu mvutaji wa miaka mingi anaweza kuwa na mapafu yanayobana na dawa za jamii hii zinaweza kumbana zaidi. Hakuwa na mlio. Tukaanza na miligramu 20 taratibu kwa dakika mbili, tukasubiri dakika kumi, 40, tukasubiri tena kumi, 80. Lengo ni mapigo yawe chini ya 60 au karibu sana na hapo, presha ya juu iwe kati ya 100 na 120, mradi mgonjwa anaongea vizuri na mkojo unatoka. Baada ya sindano ya tatu mapigo 62, presha 118 kwa 70. Maumivu aliyokuwa anayapa kumi juu ya kumi akayapa tatu. Mshipa wa kinena kushoto ukaanza kudunda vizuri zaidi, na hiyo inatokea, kwa sababu njia ya bandia ikipungua nguvu ile ya kweli inapata nafasi ya kupumua.

Kitu tulichokataa kumpa ni asprini na heparini. Ilibidi niseme kwa sauti, maana kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa na mabadiliko madogo ya presha ya muda mrefu na mtu mmoja wa zamu akaanza kuwaza mshtuko wa moyo. Kuyeyusha damu ya mtu ambaye ukuta wa aota umeachana ni kumfungulia mlango wa kuvuja. Maumivu ya kifua au mgongo yaliyoanza ghafla hivi, kabla ya kumwaga dawa za mshtuko wa moyo, shika kinena na pima mikono miwili. Eksirei ya kifua tulipiga pia, ilionyesha aota imepanuka kidogo tu. Ikiwa safi usitulie, kwenye ile rejista zaidi ya mgonjwa 1 kati ya 10 alikuwa na eksirei ya kawaida kabisa.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni siti skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa, kuanzia kifuani mpaka kwenye mapaja. Mashine siku hiyo ilikuwa inafanya kazi, na nasema "siku hiyo" makusudi. Kukawa na mjadala wa kawaida kwamba tusubiri majibu ya kreatinini kwa sababu dawa ile inaweza kuchosha figo. Hapa hatusubiri. Figo yenyewe ilikuwa inakosa damu, na bila picha hatujui tunamtibu nani. Picha zikatoka: mpasuko unaanzia sentimita kama mbili baada ya tawi la mkono wa kushoto, unashuka aota nzima mpaka kwenye mshipa wa paja la kushoto, na figo ya kushoto inakula kutoka njia ya bandia.

Hiyo inaitwa aina B. Aina A ni ile inayogusa sehemu ya aota inayopanda kutoka moyoni, na tofauti ya hizo herufi mbili ni tofauti ya njia nzima ya matibabu. Aina A ni upasuaji wa haraka, wa kufungua kifua, siku hiyohiyo, kwa sababu bila upasuaji kwenye masaa 48 ya mwanzo hatari ya kifo inakadiriwa kuongezeka kwa asilimia 1 mpaka 2 kila saa inayopita. Inavujia kwenye mfuko wa moyo, au inaharibu vali, au inaziba mishipa ya moyo wenyewe. Aina B kama haijaleta madhara kwa viungo inatibiwa kwa dawa na kulindwa, na ikizingua, mguu unakufa, utumbo unakosa damu, maumivu yanarudi juu ya dawa, basi inawekwa bomba la kitambaa ndani ya mshipa kupitia kinena ili kufunika ule mlango wa mpasuko. Mzee alikuwa mpakani: mguu umerudi, figo moja ya mashaka. Tukawapigia Dar.

Na safari yenyewe ni matibabu. Mgonjwa huyu hapandishwi gari la ndugu eti kwa sababu sasa anaongea. Alienda na ambulensi, nesi, mashine ya presha inayopima kila dakika tano, sindano za labetaloli zimeshavutwa na kuandikwa, na morfini. Barabara mbovu inaleta maumivu, maumivu yanapandisha mapigo. Nesi aliniambia baadaye njiani alimuongeza mara mbili. Kule alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi, kreatinini ikapanda kisha ikarudi, mguu ukabaki salama, hawakuweka bomba, akarudi nyumbani na dawa.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo, la machungu pia, kuhusu ugonjwa huu. Maikeli Debeki, daktari wa Hiustoni ambaye tangu miaka ya 1950 alikuwa mstari wa mbele kubuni upasuaji wa kurekebisha aota iliyochanika, na ambaye kuna mgawanyo wa aina zake unaotumia jina lake, alishikwa na ugonjwa huohuo tarehe 31 Desemba 2005 akiwa nyumbani kwake, ana miaka 97. Alijishuku mwenyewe ni nini, na bado akakaa nyumbani, hospitali hakutaka kwenda mwanzoni. Alikuja kufanyiwa upasuaji Februari 2006 hali ikiwa mbaya, akapona, akaishi mpaka Julai 2008. Nikiwa na mzee anayenikatalia kulazwa huwa namkumbuka yule.

Sasa kuna ndugu mwingine wa ugonjwa huu ambaye watu wanawachanganya, na mimi nadhani kuwatenganisha kuna faida. Huyo ni puto la aota, yani ukuta umelegea na kutanuka polepole kwa miaka, mara nyingi tumboni chini ya figo, bila dalili yoyote, mpaka siku linapasuka. Presha ndo mchochezi mkubwa wa mpasuko wa bitana, sigara ndo mchochezi mkubwa wa puto la tumboni, na mzee wetu alikuwa nazo zote kwa hiyo angeweza kupata lolote. Puto likipasuka maumivu nayo ni ya ghafla, mgongoni na tumboni, mara nyingi kushoto, nayo yanafanana na jiwe. Lakini picha ya presha inageuka. Mtu anazimia, anazinduka, yuko mweupe mdomoni, presha 85 kwa 50, kwa sababu damu inavujia nyuma ya tumbo na kwa bahati imejibana huko kwa muda. Vitabu vinataja mambo matatu: maumivu, presha kushuka, na uvimbe tumboni unaodunda. Ukisubiri yote matatu utawakosa wengi sana, na kwa mzee mnene uvimbe huupati kwa mkono hata ukijitahidi.

Na hapa kosa la kawaida ni dripu. Mtu anaona presha 85 anafungua chupa mbili zikimbie. Presha ikipanda 130, lile donge la damu lililokuwa limejibana linasukumwa linaachia, anavuja upya na safari hii haishiki. Kama mgonjwa anajibu maswali, anajua yuko wapi, presha ya juu ya 70 mpaka 90 inavumilika mpaka afike kwenye chumba cha upasuaji. Unatafuta damu ya kundi lake, unawaita wapasuaji, humpeleki sehemu ndefu kwa vipimo visivyo vya lazima kama hali inayumba. Kwa hiyo kwa mpasuko wa bitana unashusha, kwa puto lililopasuka hupandishi kupita kiasi, na anayekwambia ni yupi kati ya hao wawili ni ile altrasaundi ya dakika tatu kitandani: ukiona aota ya sentimita 6 au 7 na mgonjwa ana presha ya chini, umepata jibu.

Alberti Ainstaini alikuwa na hilo puto. Mwaka 1948 daktari Rudolfu Niseni alimfungua tumbo huko Bruklini akalikuta, na kwa kuwa enzi hizo hapakuwa na mshipa wa kubadilishia, akalizungushia selofani ili ukuta ukakamae. Akaishi nalo zaidi ya miaka sita. Aprili 1955 likaanza kuvuja, maumivu yakiwa yanafanana na ya kibofu cha nyongo, akapewa nafasi ya upasuaji akaikataa, akafa tarehe 18 akiwa na miaka 76. Alikuwa mtu wa kiko.

Tofauti na mpasuko wa bitana, puto unaweza kulikuta kabla. Uingereza kila mwanaume akifika 65 anaitwa kupimwa altrasaundi ya tumbo mara moja, Marekani wanashauri wanaume wa 65 mpaka 75 waliowahi kuvuta sigara. Kwetu utaratibu wa kuita watu hatuna, ila altrasaundi ya tumbo ipo karibu kila wilaya na wazee wanapigwa kila siku kwa ajili ya tezi dume. Mwambie anayepima, "naomba unipimie na upana wa aota." Anashusha proubu sehemu moja zaidi, basi. Wengi hawaipimi kwa sababu fomu haijaomba.

Mzee wetu sasa anameza dawa tatu za presha, moja ni ile ya kutuliza mwendo wa moyo, na hiyo ndo nilimsisitizia haiachwi hata siku moja, kwa sababu kuikata ghafla kunarusha mapigo juu. Anatakiwa asizidi 130 kwa 80. Picha inarudiwa baada ya mwezi, miezi mitatu, sita, mwaka, kisha kila mwaka, kwa sababu ile njia ya bandia haijafutika, ipo, na inaweza kutanuka taratibu mpaka nayo ikahitaji bomba. Madumu habebi. Binti yake amenunua mashine ya presha ya mkononi na daftari, anaandika asubuhi na jioni, na akija kliniki analiweka mezani kabla hata hajasalimia. Sigara mzee ameacha, au kwa maneno ya binti, ameacha mbele ya watu.

Mdogo wake wa miaka 66, mvutaji pia, alikuja kumsindikiza siku ya kliniki, nikamwambia apande kitandani nimuangalie. Aota ya tumboni sentimita 4.1. Haumwi popote, presha yake nzuri, na alinikasirikia kidogo kwamba nimemtafutia ugonjwa. Nikamweleza kwamba kwa mwanaume upasuaji wa kawaida unasubiri mpaka sentimita 5.5, isipokuwa likianza kuuma au likikua haraka, kwa hiyo kwa sasa hakatwi, anarudi kupimwa kila mwaka, na kinacholikuza haraka kuliko chochote anachoweza kukizuia ni sigara. Alikaa kimya, akavaa shati, akafika mlangoni akageuka akauliza, "Na shisha je, dokta?" Nikamwambia hapana, na shisha pia hapana, akaitikia vizuri tu, ila tarehe ya kurudi nimempa binti wa kaka yake aiandike kwenye lile daftari.